Kipini Kifupi

Nyumbani kwao Kasuku hakukuwa na ruhusa ya kusema na mtu ukiwa umempa mgongo. Hukuruhusiwa kuongea huku unatafuna, wala kuziba mdomo kwa kiganja, wala kusimama mbele ya dirisha uso ukawa kivuli kitupu. Ukitaka kumwita Mama ulizima taa ukaiwasha, ukazima ukawasha, naye angegeuka. Mama alikuwa hasikii. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kufuma magunia, mitambo ikaunguruma mpaka ikaondoka na masikio yake yote mawili, na siku ya kumuaga kiwanda kikamzawadia feni. Feni yenyewe haikumaliza hata msimu wa joto.

Tangu hapo alishona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele, na akajifunza kusoma midomo. Alikuwa hodari. Lakini wateja ni watu wa ajabu: ukiwaambia mtu hasikii, wanageuka pembeni na kupiga kelele, au wanaongea huku macho yamezama kwenye simu. Ndiyo maana Kasuku, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na sita na mdomo usiojua likizo, alisimama kando ya cherehani kutwa nzima akigeuza maneno ya wateja kuwa midomo. Yeye ndiye aliyepokea simu. Yeye ndiye aliyekwenda benki, sokoni, shuleni kwenye kikao cha wazazi ambako alitafsiri, bila kupunguza hata neno, mwalimu akimsema yeye mwenyewe.

Walikuwa na raha yao pia. Kwa kuwa Mama hakuhitaji sauti, waliweza kuteta bila sauti mbele ya mteja mwenyewe. Kasuku angechezesha midomo tu, "Huyu suruali ya mwaka jana imemkataa," na Mama angekohoa na kuinamia kitambaa, mabega yakitikisika. Mteja angedhani mama wa watu ana kifua.

Basi likizo ile Kasuku akachoka. Simlaumu sana, nami nisingevumilia hata wiki. Kila akitaka kutoka, simu inaita, mteja anabisha hodi, Mama anamtafuta kwa macho. Ulimi wake ulikuwa mali ya nyumba nzima. Akaanza kutamani kuufanyia jambo ambalo ni lake peke yake, na jambo hilo alikuwa ameshaliona kinywani mwa shoga yake Twiga: gololi ndogo ya chuma katikati ya ulimi, ikimeta kila anapocheka. Jino moja la Twiga lilikuwa limemeguka kwa kuigonga gololi hiyo, lakini nani anaangalia jino wakati kuna kitu kinachometa?

"Haiumi," Twiga alimwambia. "Kama kung'atwa na siafu tu."

Walikwenda kwa msusi mmoja aliyekuwa akitoboa masikio na pua nyuma ya pazia, baada ya kumaliza nywele za watu. Palikuwa na kiti cha plastiki, kioo chenye ufa, na kikombe kilichojaa spiriti ambamo sindano kadhaa zilikuwa zimelala pamoja. Msusi alivaa glavu, hilo alilifanya, kisha kwa glavu hizohizo akasogeza kopo la mafuta ya nywele na kujikuna shingo. Kasuku aliona. Aliona, akajitia hamnazo, kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio na alitaka mambo yaishe kabla haujageuka.

Msusi akatoa kipini. Kilikuwa kijiti kirefu chenye gololi juu na gololi chini, kirefu kuliko unene wa ulimi wowote.

"Mbona hivi?" Kasuku akauliza. "Hiki si kitaning'inia kama hereni?"

"Cha kwanza huwa kirefu. Ulimi unavimba, mdogo wangu. Ukishapoa unarudi, nakubadilishia kifupi."

Mtu mwingine angesema sawa. Lakini mtu mwingine hana mama anayekaa akimtazama mdomoni kuanzia asubuhi hadi jioni. Kijiti kile kirefu kingeinua gololi hadi kwenye meno, Mama angekiona kabla ya salamu. Kasuku akaona kifupi kwenye kisahani, kile cha watu waliokwisha kupona.

"Nipe hicho."

"Kitabana."

"Nipe hicho hicho, dada. Nikiona kinabana nitakuja."

Msusi akainua mabega. Akaufuta ulimi kwa karatasi laini ili usiteleze, akaushika kwa kibano, akaingiza sindano kutokea chini kwenda juu. Siafu gani! Macho ya Kasuku yalijaa maji mpaka kioo kikapotea. Akasikia ladha ya chuma, kisha gololi ya juu ikasokotwa mahali pake na msusi akasema hongera, usile vitu vya moto, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, usikichezee.

Usikichezee! Ni sawa na kumwambia mtu asipepese macho. Njia nzima gololi ilikuwa inakwenda kwenye meno, inarudi, inakwenda.

Jioni ulimi ulikuwa umeanza kujaa. Mama alikuwa akikata kitambaa cha sare, akainua uso.

"Yule mwalimu wa hizi sare amesema anachukua lini?"

"Ijumaa," Kasuku akajibu, midomo imebanwa kama anayeshikilia pini.

"Fungua mdomo, sikuoni."

Kasuku akaweka kiganja mdomoni, akajifanya anapiga miayo. Mama akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akarudi kwenye mkasi wake.

Kuvimba siku za mwanzo ni jambo la kawaida, kila ulimi uliotobolewa huvimba. Tatizo ni kwamba ulimi wa Kasuku haukuwa na pa kuvimbia. Kile kijiti kifupi kiliukaza juu na chini, na nyama ikaanza kuzipanda gololi kutoka pembeni. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni kila alipopata upenyo. Gololi ya juu ilikuwa mbegu. Kesho yake ilikuwa nukta. Ya chini hakuiona kabisa. Badala yake aliona ute mweupe uliogeuka kuwa wa njano, na akasikia harufu ambayo alitumaini ni ya sinki.

Hakurudi kwa msusi. Alitia chumvi konzi mbili kwenye kikombe, akidhani ikiwa kidogo inasaidia basi nyingi itamaliza kazi, na kidonda kikaungua. Akasukutua kwa dawa ya kinywa yenye kileo, kikaungua zaidi na kukauka. Twiga akamletea vidonge viwili vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani kwao tangu kaka yake alipougua kifua.

"Meza hivi, ni dawa kali."

Akavimeza. Dawa ya kifua cha mtu mwingine, vidonge viwili tu, haikuua wadudu hata kidogo. Ilimpa moyo wa kungoja tu. Kisha wakajifungia bafuni na koleo dogo la Mama la kurekebishia zipu, Twiga akijaribu kuishika gololi ili aifungue. Koleo likateleza. Damu ikatoka, na usaha nyuma yake, na Twiga akarudi nyuma mpaka akaangusha ndoo.

"Mwambie mama yako," akasema.

Kasuku akatikisa kichwa. Akaandika kwenye simu: *Ataniua.*

Mambo ya ajabu haya. Kitu kilichokuwa kikimuua kilikuwa mdomoni, na aliyemwogopa ni mama yake.

Wakati huo mambo ya dukani yalikuwa yanaharibika. Mteja mmoja alikuja kusema mikono ya sare ipunguzwe. Kasuku akatafsiri huku ameinamisha uso, mkono karibu na mdomo, na Mama, ambaye hakutaka kuuliza tena mbele ya mgeni, akakata miguu ya suruali. Suruali kumi na mbili. Mteja aliporudi kuzichukua na kuondoka akibamiza mlango, ambao Mama hakuusikia bali aliuona ukitetemeka, Mama akaketi akiwa na kile kitambaa mapajani.

"Siku hizi hunitazami," akasema. Sauti yake, kwa kuwa haisikii, hutoka ama kubwa mno ama ndogo mno, na hii ilikuwa ndogo. "Umechoka kuwa masikio yangu? Sema tu. Sitakasirika."

Kasuku alitaka kusema. Lakini kusema kulihitaji kufungua mdomo chini ya taa ile. Akageuka akaenda chumbani, akampa mama yake mgongo, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika nyumba ile. Mama aliumia, aliumia kabisa, akabaki anakunja mabaki ya suruali.

Homa ikapanda kesho yake. Kasuku hakuweza kulala chali, kila akilala koo lilijifunga. Aliketi ukingoni mwa kitanda ameinama mbele, akinyanyuka, akiketi, akienda dirishani, akirudi. Chini ya kidevu palikuwa pagumu kama ubao na pamejaa mpaka shingo haikuonekana ilipoanzia. Ulimi haukuwa wake tena. Ulikuwa umesukumwa juu hadi kwenye kaakaa, na mate, kwa kuwa hayakumezeka, yalidondoka kwenye kanga aliyoishikilia kidevuni. Alijaribu kusema neno moja, kusikia tu kama lipo. Ilitoka sauti ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani.

Mchana ule mawingu yalikuwa mazito, Mama akawasha taa ya juu ya cherehani na kuanza kushona upya zile suruali. Cherehani ilikaa ukutani karibu na dirisha, ili mwanga uangukie sindano, na anayeshona aliipa nyumba nzima mgongo. Ilikuwa hivyo siku zote. Ilikuwa haijawahi kuwa tatizo.

Kasuku akatoka chumbani kwa sababu pumzi ilikuwa imeanza kupiga mluzi. Kila akivuta hewa, sauti nyembamba ilipita kooni, na kila mvuto ulileta hewa pungufu. Mtu yeyote mwingine katika mtaa ule angeisikia akiwa mlangoni. Mama alikuwa hatua chache tu, akishona.

Akajaribu kuita. Hakikutoka kitu, na kama kingetoka kingekuwa kazi bure. Akapiga mguu sakafuni, kwa kuwa Mama huhisi mtikisiko. Lakini kanyagio la cherehani lilikuwa linatikisa sakafu vilevile. Akapiga tena. Mguu wa Mama ukaendelea kukanyaga, mabega yametulia, mkono unasukuma kitambaa. Kasuku akaogopa, hofu ambayo hakuwahi kuijua, kwamba anaweza kufia hapa nyuma ya mgongo wa mama yake na Mama amalize kwanza mshono wake.

Swichi ilikuwa upande wa pili wa chumba, juu ya kochi. Akalishika kochi, akalifuata kwa magoti, macho yanaona vimulimuli. Akanyoosha mkono. Akazima. Akawasha. Akazima.

Cherehani ikasimama.

Mama aligeuka akiwa na hasira ya siku kadhaa usoni, tayari kuuliza nini tena. Hasira ile haikufika kwenye midomo. Alimwona binti yake amepiga magoti juu ya kochi, shingo imejaa, kidevu kinadondoka mate, mbavu zinachorwa kwa kila pumzi. Akamfikia, akamgeuza uso kwenye taa, akamfungua mdomo kwa vidole viwili. Kasuku hakuuziba tena. Mama akachungulia, na pale kwenye ulimi akaona kitundu chenye usaha na ndani yake kitu kidogo kikimeta.

Hakuuliza. Alitoka nje peku na kupiga kelele kwa sauti yake kubwa isiyojipima, jirani dereva akaja na gari na kandambili za jozi tofauti.

Hospitalini walitaka kumlaza, Kasuku akapigana nao kwa mikono yote miwili.

"Mwacheni akae," daktari akasema haraka. "Mkimlaza anafunga njia ya hewa. Oksijeni. Tafuteni mshipa. Mwiteni mtaalamu wa usingizi." Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa barakoa, na juu ya barakoa yake Mama hakuona chochote isipokuwa macho. "Mama, alitobolewa lini? Ametumia dawa gani? Kuna dawa inayomdhuru?"

Mama akatazama ile barakoa. Akamtazama Kasuku, kama alivyozoea, amtafsirie. Kasuku akafungua mdomo, ukatoka mluzi.

"Mama, unanisikia?" daktari akapaza sauti.

"Mimi sisikii!" Mama akapiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Nasoma midomo! Shusha hicho kitu, mwanangu anakufa na mimi siwezi kukusoma!"

Daktari akarudi nyuma, akashusha barakoa, akauliza tena taratibu. Mama akaelewa. Kisha akamshika Kasuku mashavu akamgeuzia kwenye mwanga.

"Sema na mimi," akasema. "Bila sauti. Kama tunavyowateta wateja."

Ulimi haukufanya kazi, lakini midomo ilikuwapo. Kasuku akaichezesha, polepole, akipumzika katikati, na Mama akawa anamsomea daktari kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama Kasuku alivyokuwa akimsomea yeye watu wote.

"Anasema kwa msusi. Jumamosi iliyopita. Anasema sindano ilitoka kwenye kikombe chenye nyingine. Anasema vidonge viwili vya rangi mbili, vya kaka wa rafiki yake." Kasuku akavuta pumzi. Midomo ikaendelea. "Anasema msusi alimpa kirefu, yeye akataka kifupi. Ili..."

Mama akasita. Daktari akangoja. Kasuku alikuwa analia bila kuweza kupenga, na midomo yake ikarudia ileile sentensi, wazi kabisa, chini ya taa.

"Ili mama asione," Mama akasema.

Hakuna mtu aliyemtazama machoni baada ya hapo. Walikuwa na kazi. Mtaalamu wa usingizi akapitisha mrija mwembamba puani hadi kwenye njia ya hewa, Kasuku akiwa bado macho na ameketi, kwa kuwa kumlaza usingizi kabla hewa haijawa na njia kungekuwa kumzika. Ndipo wakamlaza. Wakaukata kidogo ulimi ili kuzifikia gololi, wakazifungua na kukitoa kipini. Wakapasua chini ya kidevu, usaha ukatoka, wakaacha kipande chembamba cha mpira humo ili uendelee kutoka, na dripu ya dawa za kuua bakteria ikaanza kushuka.

"Maambukizi yalishuka hadi kwenye sakafu ya kinywa," daktari alimweleza Mama baadaye, barakoa mkononi. "Pale pana nafasi ndogo. Yakijaa yanausukuma ulimi juu na nyuma, nyuma ndiko hewa inakopita. Angekuja siku gololi ilipoanza kuzama, tungebadilisha kipini tukampa dawa akarudi nyumbani kwa miguu."

"Mimi nilikuwa nashona," Mama akasema.

Kasuku alikaa siku kadhaa bila sauti, mrija puani, akiandika kwenye simu na kufuta. Alichomwa sindano ya pepopunda. Walimpima damu kwa virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI, wakamwambia majibu ni safi kwa sasa, ila lazima arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu, maana vitu hivyo hujificha mwanzoni, na sindano ya kikombe haijulikani ilitoka kwa nani. Hicho ndicho kilichomnyima raha kuliko mpasuo. Kidonda unakiona kinapona. Damu huioni.

Mrija ulipotoka na ulimi ukaanza kumrudia, sauti ilikwaruza. Jambo la kwanza alilosema alilisema bila sauti, Mama akiwa ameinama juu yake.

"Nilichoka. Si wewe. Nilichoka kusema ya watu tu."

Mama akalisoma lote. "Ungeniambia," akajibu, kwa sauti kubwa kupita kiasi, na mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya amelala. "Ningekupa likizo. Sikujua mtu anaweza kuchoka kwa kusema, wewe ulivyo."

Kasuku akacheka, mshono ukauma.

Twiga alikuja kumwona, gololi yake imetoka, jino lililomeguka limebaki. Alisema msusi ameondoa kile kikombe na anasuka nywele tu sasa. Mama akamwamuru Twiga afungue mdomo, akachungulia, akaridhika.

Siku ya kurudi nyumbani Kasuku aliingia chumba cha mbele akasimama. Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya: *Fundi hasikii. Mtazame usoni ukisema naye.* Lakini si hicho kilichomsimamisha. Cherehani haikuwa ukutani tena. Mama alikuwa ameiburuta mpaka katikati na kuigeuza, dirisha likawa nyuma yake, mwanga wote ukaangukia mgongo, na sindano ikabaki gizani. Aliketi akashona hivyo, amekunja macho, kila mishono michache akiinua uso na kukitazama chumba, kochi, mlango, na binti yake.

"Mama, hapo huoni. Utajichoma."

"Nijichome," Mama akasema, akarudi kwenye mshono, kisha akainua uso tena.